Jina liko sawa ndani ya barua, limevurugika kwenye kichwa

*Fundi, salaam aleikum. Nashughulikia nafasi za wageni katika ofisi ya utalii hapa Nyali. Barua pepe za uthibitisho zinatoka zenyewe kwenye tovuti yetu. Ndani ya barua jina la mgeni linasomeka François, lakini kwenye mstari wa Subject linakuwa FranÃ§ois. Cha ajabu, wageni wengine wanasema wao wanaliona sawa. Na sasa hata orodha yetu ya Excel imeanza kuonyesha hivyo. Aliyetutengenezea tovuti anaapa kila kitu ni UTF-8. Kosa liko wapi?*

Waaleikum salaam, dada yangu. Aliyewatengenezea tovuti huenda anasema kweli, na bado kosa likawa lake. Kuandika kwa UTF-8 ni jambo moja, na kumwambia mpokeaji kwamba umeandika kwa UTF-8 ni jambo jingine.

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Katika UTF-8, mmoja wa mifumo ya usimbaji, yaani ya kugeuza herufi kuwa namba, ile ç ya François huandikwa kwa baiti mbili, C3 na A7. Katika mfumo wa zamani wa Windows-1252 kila herufi ni baiti moja tu: C3 ni Ã, na A7 ni §. Kwa hiyo ukiona FranÃ§ois, hakuna kilichopotea njiani. Baiti zimefika salama, ila msomaji ametumia kitabu kisicho chake. Usidhani ni shida ya majina ya Ulaya peke yake. Andika Ng’ombeni, ile ya Kwale, kwenye simu inayoweka alama ya ’ iliyopinda, na kwa kosa lilelile utasoma Ngâ€™ombeni, kwa sababu alama hiyo moja ni baiti tatu.

Sasa, kwa nini ndani sawa na juu vibaya? Barua pepe hubeba maelezo yanayosema maandishi yake yamesimbwa vipi, kwa mfano `Content-Type: text/html; charset=UTF-8`. Maelezo hayo yanahusu mwili wa barua tu. Mstari wa Subject, pamoja na majina ya mtumaji na mpokeaji, hauyafuati. Sehemu hiyo tangu mwanzo ilitengewa herufi za Kiingereza zisizo na alama, na herufi nyingine yoyote inatakiwa ifungwe kwa namna maalumu iliyowekwa na kanuni ya RFC 2047 ya mwaka 1996. Ikifungwa vizuri, huonekana hivi:

```
Subject: =?UTF-8?Q?Karibu_Fran=C3=A7ois?=
```

Yaani jina la usimbaji limeandikwa palepale, kisha baiti zenyewe. Programu ya mpokeaji haina cha kubahatisha. Tovuti ikituma baiti tupu bila kuzifunga, kila programu inakisia yenyewe. Inayokisia UTF-8 inaonyesha François, na inayokisia Windows-1252 inaonyesha takataka. Ndiyo maana wageni wenu hawakubaliani.

Usinikubalie kwa maneno, hakikisha mwenyewe. Jitumie barua moja ya majaribio kwa jina hilo, ifungue kwenye Gmail, kisha chagua Show original utafute mstari wa Subject. Ukikuta jina limekaa wazi, bila `=?` wala `?=`, kosa ni la kutofunga. Ukikuta `Fran=C3=A7ois` ndani ya kifungo, tovuti haina hatia. Lakini ukikuta `Fran=C3=83=C2=A7ois`, baiti nne mahali pa mbili, jina lilikuwa limeshaharibika kabla ya barua kutumwa. Hapo kurekebisha barua hakutasaidia, rudi kwenye orodha.

Kwa dalili ulizonipa, naamini utakuta la kwanza. Kama tovuti imeandikwa kwa PHP na inatumia `mail()`, dawa ni mstari mmoja:

```php
$kichwa = mb_encode_mimeheader("Karibu " . $jina, "UTF-8", "Q");
```

Halafu `$kichwa` ndicho kipelekwe kwa `mail()`. Mwambie pia atazame jina la mtumaji. Nimeona ofisi zikitibu Subject na kusahau From.

La orodha ni kosa tofauti, japo sura ni moja. Nadhani mtu amepakua faili ya CSV kutoka kwenye tovuti na kuibofya mara mbili. Faili ya CSV haina mahali pa kuandika usimbaji wake, isipokuwa baiti tatu za EF BB BF zikitangulia mwanzoni. Zisipokuwepo, Excel kwenye kompyuta nyingi za ofisi huisoma kwa Windows-1252. Mpaka hapo faili bado nzima, ifunge bila kuhifadhi. Hatari inaanza pale anapoihifadhi kama kitabu cha Excel au kama CSV UTF-8, kwani sasa Ã na § zimekuwa herufi halisi, na orodha hiyo ikirudishwa kwenye tovuti ndiyo inazaa zile baiti nne. Njia salama ni kufungua Excel tupu, kwenda Data, kisha From Text/CSV, na kwenye File Origin kuchagua 65001: Unicode (UTF-8).

Majina yaliyokwisha haribika yanaweza kurudishwa kwa lugha ya Python, kwa kulirudia kosa kinyumenyume:

```python
"FranÃ§ois".encode("cp1252").decode("utf-8")
```

Hii inazirudisha herufi kuwa baiti, kisha inazisoma kwa kitabu chake sahihi. Tengeneza nakala ya orodha kwanza. Jina lisilo na alama, kama Mwanaisha, litapita bila kuguswa. François aliye mzima ataleta kosa la Python badala ya kubadilishwa, na hilo ni jema, maana linakuonyesha wa kumruka.

Kuna majina yatakayokataa. Á ya Ángel ni C3 81, na Windows-1252 haina herufi yoyote kwenye 81, hivyo inabaki alama isiyoonekana ambayo amri hii haiwezi kuigeuza. Ile à ya mwisho wa Adrià ni C3 A0, na A0 ni nafasi tupu isiyokatika. Mtu akisafisha nafasi za mwisho kwenye orodha, nusu ya herufi imekwenda na unabaki na AdriÃ. Ukijua hivyo unaweza kuyarekebisha kwa mkono.

Lakini angalia sana alama ya kuuliza. Windows-1252 haina kabisa ĩ wala ũ za Kikuyu, hivyo mgeni wenu aliyejiandikisha Wanjirũ anaweza kutoka Wanjir? baada ya faili kuhifadhiwa kwa usimbaji huo. Ile ? si baiti iliyosomwa vibaya, ni ? kweli, na ũ imefutwa. Vivyo hivyo kwa � iliyohifadhiwa. Hakuna amri itakayojua kilichokuwepo. Yatenge majina yote yenye ? au �, kisha yatafute kwenye hifadhidata ya tovuti, ambako huenda bado ni mazima, au kwenye nakala za pasipoti na vitambulisho mlizochukua wageni walipofika.