Maneno ya ndani ya pete: barua kwa binti yangu

"Baba, shikamoo. Sonara amepima pete yangu, kipenyo cha ndani ni milimita 16, na anasema zinaingia herufi 20 tu, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Tunataka 'Nitakupenda daima' kwa Kilatini, kwa kuwa tulikutana kwaya tukiimba Kilatini. Mtandaoni nimepata AMABO TE SEMPER na AMOR VINCIT OMNIA. Kipi ni sahihi, na kitaenea?"

Marahaba, mwanangu. Siku ukija nyumbani, mwombe mama yako akuvulie pete yake uisome ndani. Utakuta SEMPER TUS. Mimi nilimwandikia sonara SEMPER TUUS, yaani "wako daima". Yeye akaona u mbili zimefuatana, akadhani mkono wangu umeteleza, akaondoa moja kwa nia njema kabisa. Kwa bahati mbaya tus nalo ni neno kamili la Kilatini, na maana yake ni ubani. Mama yako amevaa "daima ubani" tangu 1988. Nilitaka kuirudisha irekebishwe, tukaambiwa dawa ni kukwangua mstari mzima na kuchonga upya, na pete ilikuwa nyembamba tayari. Mama yako akakataa isiguswe. Ndiyo maana swali lako nimelikalia siku mbili kabla ya kushika kalamu.

Nianze na hiyo 20, maana nilitaka kujua imetoka wapi. Kipenyo cha milimita 16 kinakupa mzingo wa milimita 50 na kidogo. Lakini mzingo wote si wako. Mhuri wa dhahabu, ile 750 ya karati 18, pamoja na alama ya fundi, vinakula kama milimita 6. Kisha fundi mwangalifu huacha kipande kitupu cha milimita 9 hivi, kwa sababu vidole hunenepa, hasa mwanamke akishazaa, na pete ikitaka kupanuliwa hukatwa na kuongezwa dhahabu. Ikikatwa penye maneno, herufi moja au mbili zinakwenda. Zinabaki milimita 35. Herufi ya urefu wa milimita moja na nusu, pamoja na pengo lake, huchukua kama milimita moja na robo tatu. Gawanya, unapata 20. Kwa hiyo sonara wako anajua kazi yake, na usimbembeleze akubanie herufi 25 kwa kuzifanya ndogo zaidi. Ndani ya pete husuguana na ngozi kila siku, na herufi ndogo sana, zilizochongwa juu juu, ndizo zinazofutika kwanza.

Pete ya mwenzio ni kubwa, itachukua zaidi, ila kama mnataka maneno ya pete mbili yafanane, hesabu ya pete yako ndiyo inayotawala.

Sasa AMOR VINCIT OMNIA. Ina herufi 15 na nafasi mbili, jumla 17, inaenea bila shida. Maana yake "upendo hushinda yote", na sarufi yake haina kosa. Lakini fahamu ilikotoka. Vergili, mshairi wa Kirumi, aliandika omnia vincit Amor katika shairi la kumi la wachungaji wake, na anayeyasema maneno hayo ni Galo, mwanamume aliyeachwa. Mpenzi wake Likorisi ameondoka na mwingine, na Galo baada ya kujaribu kila njia ya kumsahau anasalimu amri: upendo unashinda vyote, basi nasi tujisalimishe kwa upendo. Ni kilio cha aliyeshindwa. Watu wengi wamelivaa kwa furaha kwa karne nyingi, na sitakukataza. Mimi nisingelitaka kwenye pete ya binti yangu.

AMABO TE SEMPER ndiyo iliyonikosesha usingizi. Neno kwa neno ni sawa na ulichoomba: amabo "nitapenda", te "wewe", semper "daima". Herufi 13, nafasi mbili, jumla 15. Tazama pia jinsi Kilatini kinavyofanana na lugha yetu hapa: amabo limebeba "ni" na "ta" ndani yake kama "nitapenda" yetu, hivyo hakuna haja ya kuongeza ego. Ukiona mtandaoni mtu amekuandikia EGO AMABO TE, ujue amepoteza nafasi nne za dhahabu kwa neno lisilohitajika.

Ila Warumi wenyewe walipotamka amabo te katika mazungumzo, mara nyingi hawakuwa wanazungumzia mapenzi. Walikuwa wanasema "tafadhali". Ni kama kusema "nifanyie hivi, nami nitakupenda", kisha kwa kutumika sana likabaki neno la kuombea tu. Katika michezo ya kuigiza ya Plauto wanawake ndio wanaolitumia zaidi, na Sisero naye analo katika barua zake kwa rafiki yake. Kwa hiyo mtu aliyesoma Kilatini akiifungua pete yako anaweza kusoma "tafadhali, daima". Hataona kosa la herufi. Ataona maneno sahihi yaliyokaa vibaya.

Nilidhani nimepata tiba: geuza mpangilio. Kilatini kinaruhusu maneno kuhama, kwa sababu kazi ya neno inaonekana katika umbo lake. TE SEMPER AMABO ina herufi zile zile, na te ikisogea mbali na amabo ule ubani, niseme ile "tafadhali", inavunjika. Nikaiandika kwenye karatasi, nikafurahi. Kisha nikaikata karatasi ukanda mwembamba na kuizungusha kidoleni, nikaona nilichosahau. Pete ni duara. Baada ya AMABO jicho linaendelea, na kinachofuata ni TE. Umerudi pale pale: TE SEMPER AMABO TE SEMPER AMABO. Kipande kitupu kinasaidia kuonyesha mwanzo, lakini pete ikishapanuliwa au mhuri ukikaa vibaya, mwanzo haujulikani tena.

Tangu hapo nikaacha kupima sentensi kwa mstari. Nikawa nazipima kwa ukanda wa karatasi, nikianzia kila neno. Fanya hivyo na chochote utakachochagua.

Kuna jambo la pili ambalo mtandao hauwezi kukuambia, nalo ni nani anayesema. Maneno ya pete ni ya aliyeitoa. Pete yako inazungumza kwa sauti ya mwenzio, na yake inazungumza kwa sauti yako. Katika Kiswahili "wako daima" haijali jinsia, lakini Kilatini kinajali: mwanamume husema semper tuus, mwanamke semper tua. Masonara wengi huchonga pete mbili kwa karatasi moja, na mmoja wenu akaishia kuvaa maneno yenye jinsia isiyo ya aliyeitoa pete. Ni afadhali kutafuta maneno yasiyobadilika.

Basi haya ndiyo ninayokupa: UBI TU IBI EGO. Maana yake "ulipo wewe, ndipo nilipo mimi".

Sikuyatunga kutoka hewani. Plutarki, aliyeandika kwa Kigiriki kuhusu desturi za Warumi, anauliza kwa nini bibi harusi anapoingizwa nyumbani kwa mumewe huambiwa aseme, "Ulipo wewe Gayo, nami ni Gaya." Gayo na Gaya ni majina ya yeyote, kama sisi tunavyosema Juma na Asha katika mfano. Kwa Kilatini kwa kawaida huandikwa ubi tu Gaius, ibi ego Gaia. Yote ikiwa kamili ni herufi 20 na nafasi tano, jumla 25, haiingii. Ondoa majina mawili, zinabaki herufi 11 na nafasi tatu, jumla 14. Kinachopotea ni majina ya Warumi wawili ambao si ninyi. Kitenzi "kuwa" hakipo, na hakihitajiki. Kilatini hukiacha hivyo hivyo na kila msomaji hukisikia.

Maneno haya hayana jinsia, kwa hiyo pete zote mbili zinachongwa sawa na sauti zote mbili ni za kweli. Izungushe kidoleni: ukianza na IBI unapata IBI EGO UBI TU, "nipo mimi ulipo wewe", maana ile ile. Ukianza katikati ya jozi, kwenye TU au EGO, sentensi inachanganyika kidogo, na kwa hilo kuna dawa ya zamani. Wachongaji wa Ulaya wa zama za kati walitia msalaba mdogo mwanzoni mwa maandishi ya duara. Unakula nafasi moja, mnafika 15, na ninyi ni watu wa kanisa.

Zinabaki nafasi tano, na najua utataka mwaka. Nafasi moja na 2026 kwa tarakimu za kawaida vinatimiza 20 kamili. Usitumie MMXXVI: ni herufi sita, na M ni pana kuliko herufi zote. Mimi ningeacha mwaka kabisa, ili herufi zikae kwa raha. Mwaka mtaukumbuka.

Kuhusu U na V: Warumi kwenye mawe walichonga V kwa sauti zote mbili, ndiyo maana utaona VBI TV. Inapendeza, haiongezi nafasi, lakini vitabu vyenu vya kwaya vina U, na wajukuu wangu watasoma "vibi tivi". Chagua U, na zote ziwe U. Badala ya nafasi tupu kati ya maneno mwambie atie nukta katikati ya urefu wa herufi, kama Warumi walivyofanya. Nukta huchukua nafasi ndogo kuliko pengo, na huzuia TU isishikane na IBI ikasomeka neno moja.

Usimtumie sonara maneno haya kwa sauti ya simu, wala kwa mwandiko wa kuunganisha. Andika hivi kwa herufi kubwa:

✝UBI·TU·IBI·EGO

Chini yake andika: "Herufi 11, nukta 3, msalaba 1. Neno la pili ni T na U tu. Usiongeze, usipunguze, hata ukiona kama kuna kosa." Kisha akuchoree ukanda wa karatasi wa milimita 50, wenye mhuri na kipande kitupu mahali pake, akupigie picha kabla hajagusa dhahabu. Nitumie picha hiyo. Nitahesabu mimi, na mama yako atahesabu baada yangu. Ameshasema hilo ni lake.

Baba yako