Rejeo Fupi Chini ya Chati, Vyanzo Kamili kwenye Slaidi ya Mwisho

Msomaji mmoja anayejiandaa kutetea pendekezo lake la utafiti ameniandikia akiwa njia panda. Msimamizi wake anataka kila slaidi ibebe marejeo kamili, na mwenzake wa darasani anamshauri ayahamishie yote mwishoni ili slaidi zibaki safi. Nimemjibu kwamba kila mmoja wao ameshika nusu ya jibu. Chini ya takwimu panatosha jina la mtunzi na mwaka, na maelezo kamili hukaa kwenye slaidi moja ya kufungia. Kazi yote iko katika kuhakikisha kwamba sehemu hizo mbili zinaongea lugha moja.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Tuseme slaidi yako ina chati ya nguzo mbili zinazolinganisha vifo vya ajali za barabarani duniani, yaani takriban milioni 1.25 mwaka 2010 na milioni 1.19 mwaka 2021. Takwimu hizo zinatoka katika ripoti ya Shirika la Afya Duniani, yaani WHO, iliyotolewa Desemba 2023. Chini ya chati andika maneno haya tu: "Chanzo: WHO 2023". Kama ripoti ni ndefu, na hiyo ni ndefu kweli, ongeza nambari ya ukurasa wenye takwimu, kwa sababu mjumbe wa jopo mwenye mashaka hatasoma kurasa zote ili akuthibitishe.

Hapo ndipo wengi huteleza. Kichwa cha slaidi kinataja 2021, rejeo linataja 2023, na mtayarishaji anayeona miaka hiyo haifanani huamua kuandika "WHO 2021" ili mambo yaonekane sawa. Kwa kufanya hivyo anampeleka msikilizaji kwenye chapisho jingine kabisa. Mwaka wa takwimu hukaa kwenye kichwa au kwenye lebo za chati, na mwaka wa chapisho hukaa kwenye rejeo. Ukiviacha viwili hivyo kila kimoja mahali pake, swali la "mbona miaka inatofautiana?" utalijibu kwa sentensi moja.

Baadhi ya wenzangu hupendelea nambari ndani ya mabano, kama vile [7], kwa hoja kwamba ni fupi zaidi. Ni fupi, lakini haisemi chochote kwa mtu aliyeketi ukumbini, maana hawezi kufunua ukurasa wa mwisho wakati wewe ungali slaidi ya nne. Isitoshe, ukihamisha slaidi mbili usiku wa kuamkia wasilisho, nambari zote zinaweza kuvurugika. Jina na mwaka huhama pamoja na slaidi bila kudhurika, na aliyepiga picha ya slaidi hiyo moja kwa simu bado ana pa kuanzia kutafuta.

Kuhusu mahali pa kuliweka rejeo, nina neno la mtu aliyeumizwa. Chati niliyoichora kwa jasho langu ilinakiliwa na mwenzangu kazini na kuingizwa katika wasilisho lake, na rejeo langu likabaki nyuma, kwa sababu lilikuwa katika kisanduku cha maandishi kilichojitenga. Chati ilisambaa kana kwamba takwimu na mchoro vyote vilikuwa vyake, na hadi leo hajawahi kusema vinginevyo. Tangu hapo naweka rejeo mara tu chini ya chati, upande wa kushoto, kisha nachagua chati na kisanduku kwa pamoja na kuviunganisha kuwa kundi kwa `Ctrl+G` katika PowerPoint. Anayenakili kwa kubofya mara moja atabeba vyote viwili, na akitaka kuliacha rejeo itambidi alitenganishe kwa makusudi. Kwa ukubwa, herufi za 12 zinatosha pale maandishi ya kawaida yanapokuwa 24, mradi rangi isiwe kijivu hafifu kinachomezwa na mwanga wa projekta.

Hesabu zako mwenyewe nazo zinahitaji rejeo, ila la namna nyingine. Ukigawa vifo milioni 1.19 kwa siku 365, kisha kwa saa 24, unapata takriban vifo 136 kila saa. Usiandike "Chanzo: WHO 2023" kana kwamba shirika ndilo lililokuandikia 136. Andika "Hesabu yangu kutokana na WHO 2023". Kosa la kugawa likipatikana, litakuwa lako na si lao, na huo ndio uungwana. Vivyo hivyo, kama takwimu uliisoma gazetini tu na ripoti yenyewe hukuifungua, chanzo chako ni gazeti. Kutaja ripoti usiyoisoma ni kusema uongo kwa herufi ndogo, na sioni sababu ya kulipamba jambo hilo kwa maneno laini.

Sasa slaidi ya mwisho. Ipe kichwa kifupi, "Vyanzo", na upange maingizo kwa alfabeti. Kila ingizo lianze na neno lilelile lililo kwenye rejeo fupi. Kama chini ya chati uliandika WHO, ingizo lianze hivi: "WHO (2023). Global status report on road safety 2023. Geneva." Ukilianzisha kwa jina refu la Kiswahili, "Shirika la Afya Duniani", ingizo litahamia mahali pengine katika alfabeti, na msikilizaji anayetafuta herufi W ataona pengo na kudhani umesahau. Mtunzi mmoja akiwa na machapisho mawili ya mwaka mmoja, yatenganishe kwa 2021a na 2021b, kwenye rejeo fupi na kwenye orodha pia.

Kwa herufi za ukubwa wa 14 au 16, maingizo manane hivi hukaa kwa raha. Yakizidi, kwanza ondoa yale ambayo hayakutajwa kwenye slaidi yoyote, kwani slaidi hii si orodha ya kila ulichosoma. Kisha futa viungo virefu vya mtandao, kwa kuwa hakuna anayenakili herufi mia moja kutoka ukutani. Yakiwa bado mengi, weka msimbo wa QR unaofungua orodha nzima, ila ujaribu kwanza kwa simu isiyo yako, kwani faili ambalo hukuliruhusu kusomwa na wengine litakufungukia wewe tu.

Picha zina sharti lake. Iliyotolewa kwa leseni ya CC BY 4.0 inadai umtaje mpigaji na leseni, kwa hiyo chini ya picha weka jina lake na "CC BY 4.0", na kiungo, kikiwa kifupi, ukiache slaidi ya Vyanzo. Ya CC0 haidai kutajwa, ingawa mimi huitaja.

Kabla ya kufunga faili, pita slaidi moja moja ukitia alama kwenye orodha kila unapokutana na rejeo. Ingizo lisilo na alama liondoke, na rejeo lisilo na ingizo liongezewe. Kisha kariri nambari ya slaidi ya Vyanzo. Mjumbe akiuliza takwimu imetoka wapi katikati ya maswali, katika PowerPoint utabonyeza nambari hiyo, kwa mfano 14, kisha `Enter`, na orodha itakuwa mbele yake bila kurudisha slaidi moja baada ya nyingine. Njia hiyohiyo itatumika ukitaka kurudi kwenye chati yenyewe.