Moto wa asubuhi haufuti usiku kucha mezani

Swali: Napika Jumapili jioni maharage na wali wa wiki nzima. Naacha masufuria mezani yapoe mpaka asubuhi, ndipo nagawa kwenye makopo na kuweka friza. Yanakaa muda gani? Na nipashe moto kiasi gani? Jirani ananiambia nikichemsha sana hakuna kinachobaki. (Msomaji, Tabata)

Dada yangu, muda wa friza nitakujibu, lakini ungeniuliza kwanza kuhusu hizo saa za usiku. Friza lako halina kosa.

Jirani yako kapatia nusu, na hiyo nusu ya pili ndiyo inayonichosha kila wiki. Kuchemsha kunaua bakteria walio hai. Lakini wali una bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi chunguni. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu zinaamka, zinazaliana na kumwaga sumu, na sumu hiyo haiharibiwi na moto wa jikoni. Utachemsha mpaka wali uungue, bakteria watakufa, sumu utaila. Kutapika huanza ndani ya saa chache. Kugandisha nako hakuui; kunawalaza tu, na sumu iliyokwisha kutoka inaganda pamoja na chakula.

Niliwahi kupima kwangu. Sufuria ya maharage ya lita 8, imefunikwa, imeepuliwa saa mbili usiku. Saa kumi na mbili asubuhi nikachomeka kipimajoto cha sindano katikati: nyuzi 38. Saa kumi zimepita na bado ni joto la mwili wa mtu! Pua haikusikia kitu, ulimi nao haukusikia kitu. Na hotipoti ni mbaya zaidi, maana kazi yake ni kuzuia chakula kisipoe.

Kwa hiyo fanya hivi. Chakula kikiepuliwa, kigawe palepale kwenye makopo mapana, kimo kisizidi sentimita 5, kila kopo mlo mmoja. Mchuzi na maharage unaweza kwanza kuiweka sufuria ndani ya beseni la maji yenye barafu, zile za mifuko zinatosha, ukawa unakoroga. Sufuria ya alumini inapoa upesi. Wali utandaze kwenye sinia mbele ya feni. Ndani ya saa 2 kila kitu kiwe kimeingia kwenye baridi, na kwa joto letu la Januari na Februari mimi nakazana ndani ya saa 1. Makopo usiyabebanishe mpaka yagande, hewa ipite katikati. Andika tarehe.

Sasa muda. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri chakula hakiozi. Kinachopungua ni ladha. Maharage na mchuzi wa nyama vile miezi 2 hadi 3, wali mwezi 1 au 2. Tui litajitenga, koroga litarudi. Ila kama "friza" ni kale kachumba ndani ya friji ya mlango mmoja, tazama nyota zake: nyota moja ni nyuzi 6 tu chini ya sifuri, chakula cha wiki moja, nyota mbili ni mwezi.

Umeme ukikatika usifungue mlango. Friza lililojaa hushika baridi kama saa 48, la nusu saa 24. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi safari ukaikuta sarafu chini, chakula kiliyeyuka na kuganda tena bila wewe kujua. Tupa.

Kupasha: kiyeyushe ndani ya friji usiku, si kwenye sinki. Katikati ya chakula pafike nyuzi 74. Kama huna kipimajoto, koroga mpaka sufuria yote ichemke na mvuke utoke hata katikati, maana donge la maharage hutokota pembeni huku moyo wake ni barafu. Kwenye maikrowevu simamisha katikati ya muda, koroga, endelea. Pasha mara moja tu, kinachobaki kisirudi friza.

Na hao wanaosambaza kwenye simu kwamba limau au kitunguu saumu "kinakata sumu" ya kiporo, waulize wamepima na nini. Mimi naowahofia zaidi ni wageni wa shughuli. Pilau limeivishwa alfajiri, limeliwa saa nane mchana, jioni mabaki yanagawiwa kwenye mifuko, shangazi anafika nayo Mbagala saa nne usiku na kuyatia friza "yasiharibike". Pilau hilo limeshinda vuguvugu kutwa, na Jumatano watoto watapashiwa vizuri kabisa, mvuke unatoka.