Wapiga mishale wanameza jeshi zima? Usiguse kizidishi

*"Niko Nakuru, natengeneza gemu ya vita. Mkuki unapiga farasi, farasi anapiga mpiga mishale, mpiga mishale anapiga mkuki, na kila mmoja anapiga mara mbili akikutana na windo lake. Nikipima mmoja kwa mmoja iko sawa, lakini jamaa wanaonijaribia wanaunda wapiga mishale tu na wanashinda. Niongeze iwe mara tatu? Ramani nayo iwe kubwa kiasi gani, na niweke manati kama aina ya nne?"*

Wacha hiyo mara tatu. Wacha kabisa, hata hilo faili lifunge kwanza usije ukajaribiwa.

Najua ulikoipata. Kuna walimu wa video mtandaoni wanaochora pembetatu ubaoni, wanaandika mara mbili kila upande, wanatabasamu, somo limeisha. Mfano wao ni farasi mmoja na mpiga mishale mmoja kwenye nyasi tupu. Hakuna hata mmoja anayekuonyesha farasi ishirini. Wakionyesha, pembetatu yao inavunjika mbele ya kamera na hakuna atakayebonyeza kengele.

Sijaona namba zako, basi tuchukue hizi. Farasi ana uhai 100, anapiga 10 kwa sekunde, anaenda miraba 2 kwa sekunde, bei 100. Mpiga mishale ana uhai 40, anapiga 5 kwa sekunde, mshale wake unafika miraba 6, bei 50. Kwa mara mbili yako, farasi anampiga 20 kwa sekunde, kwa hiyo anamwangusha kwa sekunde 2.

Pesa sawa kwa pesa sawa ni farasi mmoja dhidi ya wapiga mishale wawili. Farasi anatumia sekunde 3 kuwafikia, anapoteza uhai 30. Sekunde 2 za kumuua wa kwanza zinamgharimu 20, na 2 za wa pili zinamgharimu 10. Anabaki na 40. Vizuri, pembetatu imesimama, mwalimu wa video anapiga makofi.

Sasa weka farasi 20 dhidi ya wapiga mishale 40. Bei ni ileile, 2000 kwa 2000. Katika zile sekunde 3 za kukaribia, mishale inatoa uhai 600, yaani farasi 6 hawafiki. Wanafika 14, na hapo ndipo kuna kidonda chenyewe: wapiga mishale wamesimama kwa rundo, na nafasi ya kuwagusa inatosha farasi 8 tu. Wengine wako nyuma wanasukumana kama abiria kwenye mlango wa matatu. Wanatembea palepale, hawapigi mtu, lakini mishale inawapata vizuri sana. Wapiga mishale hawana shida hiyo. Aliye safu ya nyuma anarusha sawa na wa mbele. Endeleza hesabu hadi mwisho: farasi wote wanakufa, wapiga mishale sita au saba wanabaki.

Hii si siri. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester aliiandika mwaka wa 1916: mahali ambapo kila mtu anaweza kumpiga yeyote, nguvu ya jeshi hukua kwa mraba wa idadi yake, yaani idadi mara yenyewe. Wenye mishale wanapata mraba huo. Wenye panga wanaopanga foleni hawaupati.

Tazama basi mara tatu ingefanya nini. Kweli, farasi 20 watashinda. Lakini rudi dakika za mwanzo, farasi mmoja wa bei 100 dhidi ya wapiga mishale watatu wa bei 150. Kwa mara mbili, farasi anakufa huku wa mwisho akiwa na uhai 20, na hiyo ni haki kwa sababu wametumia pesa zaidi. Kwa mara tatu anawamaliza wote watatu na kuondoka na uhai 15. Nani tena ataunda mpiga mishale mapema? Jamaa zako watahamia farasi, utarudi hapa kuuliza kama mkuki uwe mara nne, na mwezi ujao tutakuwa kwenye mara kumi na mbili. Kizidishi kinagusa kila pigano, dogo na kubwa. Ugonjwa wako uko kwenye makubwa tu.

Kwa hiyo gusa kitu kinachohisiwa kwenye makubwa peke yake, nacho ni idadi ya farasi wanaopata nafasi ya kugusa. Punguza duara la mwili wa farasi, lile linalozuia askari wasipitane, kutoka mraba 0.5 hadi karibu 0.33. Picha ya farasi iache ilivyo. Nafasi 8 zinakuwa 12. Halafu kwenye msimbo wa kutafuta njia, farasi aliyezuiwa kwa nusu sekunde asiendelee kusukuma mgongo wa mwenzake. Achague adui mwingine aliye wazi pembeni na azunguke. Bila hili la pili, lile la kwanza linakupa foleni nyembamba zaidi, basi.

Huhitaji kuniamini. Endesha hii:

```python
def pigano(f, m, mbele, zidisho=2):
    f -= m * 5 * 3 / 100
    while f > 0 and m > 0:
        f, m = f - m*5/100, m - min(f, mbele)*10*zidisho/40
    return f, m

print(pigano(20, 40, 8))
print(pigano(20, 40, 12))
```

Mstari wa kwanza wa majibu ni wapiga mishale wanaobaki, wa pili ni farasi watano hivi wanaobaki. Yule mmoja kwa wawili, na mmoja kwa watatu, hawajabadilika hata kidogo. (Msimbo huu ni wa makundi. Ukiwa na askari wawili watatu, hesabu kwa mkono kama nilivyofanya juu.)

Kwenye gemu yenyewe, utajua ni hili kwa kusimamisha pigano sekunde 2 baada ya kugusana na kuhesabu farasi wenye adui ndani ya upeo wao wa kupiga. Kama kuna farasi walio hai wasio na adui wa kupiga, usifungue faili la kizidishi.

Halafu kuna mpaka. Ukiongeza jeshi mara mbili, nafasi za kugusa haziongezeki mara mbili. Rundo la duara likikua mara nne, mzunguko wake unakua mara mbili tu. Kwa jeshi mara mbili, nafasi 12 zinakuwa kama 17 tu. Jaribu `pigano(40, 80, 17)` uone: karibu sare. Kutoka hapo kwenda juu mishale inatawala tena, hata kwa duara hili dogo. Hivyo pima kwa bei sawa farasi 1, 5, 20 na 40, tafuta mahali matokeo yanapogeuka, kisha weka kikomo cha jeshi chini yake. Kwa namba hizi, chini ya askari 80 kwa kila mchezaji. Ukitaka majeshi makubwa kuliko hapo, punguza upeo wa mshale kwanza, miraba 6 iwe 5, na upime upya zote nne, kwa sababu upeo unagusa hata mapigano madogo.

Kipimo cha mmoja kwa mmoja kifute kwenye mradi, hakina kazi yoyote. Manati na ukubwa wa ramani tutaongea ukishaleta matokeo ya hizo nne.