Usimpe huyo jamaa hela, mimi nilimpa wa kwangu laki na ishirini

*"Wakuu habari za jioni. Tasnifu yangu ya masta nimeiandika mwenyewe kwa Kiingereza, nikaipima kwenye tovuti moja ya bure ikasema 58% AI. Kuna jamaa anasema atanishushia mpaka 5% kwa elfu themanini, nimpe? Halafu naomba kujua ikisiri inatakiwa iwe na maneno mangapi, na mwenye mfano wa barua ya kuomba kuongezewa muda anitumie. Supavaiza anataka faili Ijumaa."*

Mkuu USIMPE. Kama umeshamtumia faili mwambie aache, na kama umeshatuma na hela basi hiyo hesabu ni sadaka, songa mbele.

Nimesoma swali lako nikasisimka mwili maana ni mimi kabisa miaka miwili iliyopita. Tasnifu yangu ilikuwa ya afya ya jamii, ukondefu na udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano kwenye wilaya moja ya Dodoma. Nimezunguka na bodaboda vijiji kumi na moja na utepe wa kupimia mkono wa mtoto mfukoni, nimeng'atwa na mbwa mara moja, nimeandika mwenyewe usiku mpaka mke akaanza kuniuliza kama hiyo laptopu nayo inapika. Namaliza, jamaa mmoja pale steshenari nilipokuwa naprinti ananiambia "kaka hebu tuipime kwanza, siku hizi wanadisko watu." Tukapima, 64%. Jasho lilinitoka kama nimekutwa na mtihani mfukoni. Yule yule ndo akaniambia ana mtu wa kushusha. Niligundua baadaye kwamba mtu mwenyewe ni yeye, na "kushusha" ni kubandika kazi yako kwenye tovuti nyingine inayobadilisha maneno, unalipia laki na ishirini kitu ambacho yeye anabonyeza kitufe.

Ikarudi 4%. Nikafurahi kama mjinga. Faili ikarudi saa nne usiku, kesho yake asubuhi ndo mwisho wa kuwasilisha, nikasoma ukurasa wa kwanza tu nikaona sawa, nikaihifadhi JUU ya faili yangu ya zamani kwa jina lile lile (hapo ndo pa kunichapa viboko) nikatuma. Wiki mbili baadaye supavaiza ananiita ofisini. Mama wa watu mpole sana, kavaa miwani, ananisogezea karatasi na kuniuliza taratibu, "Mwanangu, hivi hawa watoto walikuwa wanafuja nini?"

Nikaangalia. Hiki ndo nilichoandika mimi, na hiki ndo kilichorudi:

```
KABLA: The prevalence of wasting among children under five was 6.1%.
       Households were selected by simple random sampling.

BAADA: The popularity of squandering among kids below five was 6.1%.
       Homes were picked by easy haphazard tasting.
```

Ukondefu umegeuka ufujaji. Tena umekuwa na umaarufu. Sampuli imekuwa kuonja. Na mtafiti ninayemnukuu anaitwa Black, kwenye faili jipya anaitwa Dark, mahali kumi na nne. Tulicheka wote wawili, mimi nacheka huku machozi yanakuja.

Ila kichekesho sio ndo hasara. Hasara ni lile neno haphazard. Kwenye takwimu, kuchagua kaya kwa bahati nasibu maana yake una orodha ya kaya zote na kila moja ina nafasi sawa ya kuchaguliwa, na ndo kinachokupa haki ya kusema matokeo yako yanawakilisha wilaya nzima. Haphazard ni kinyume chake, umepita njiani ukachukua uliyekutana naye. Kwa hiyo sura yangu ya tatu ikawa inakiri kwamba sikufanya utafiti wa maana, na sura ya nne ina hesabu ambazo kwa sampuli ya namna hiyo haziruhusiwi. Sentensi ya namna hiyo huwezi kuitetea kwenye viva ukasema ni kosa la chapa. Na maneno yaliyopotoshwa hivi wahakiki wanayajua, kuna watafiti akina Cabanac walishayakusanya toka 2021, saratani ya matiti imeandikwa "bosom peril" kwenye majarida kabisa, na ukikutwa nayo inahesabika ni dalili ya kazi iliyopitishwa kwenye mashine kuficha wizi. Yaani nilikuwa msafi, nikalipa hela nipakwe matope.

Muhula ukasogea mmoja, ada ya ziada laki tisa, na sura mbili niliandika upya kutoka kwenye daftari na barua pepe za zamani kwa sababu faili langu la kweli nilishalifunika.

Sasa hiyo 58% yako ni nini hasa. Hizi tovuti hazijui nani kaandika, hazina pa kujulia. Nyingi kazi yake ni kubashiri neno linalofuata, af zinaangalia kama umeandika lile lile lililotarajiwa. Nikikwambia "haraka haraka haina..." unamalizia mwenyewe, si ndiyo? Maandishi yakiwa hivyo muda mrefu, kila neno linabashirika na sentensi urefu unalingana, inasema hii ni mashine. Haya niambie sura ya methodoloji inaandikwaje zaidi ya hivyo? Mwaka mzima tunafundishwa tuandike sentensi zile zile za kila mtu. Katiba ya Marekani, ya 1787, ilishapimwa kwenye hivi vitu ikatoka ni ya mashine, kwa sababu imenakiliwa kila mahali mpaka mashine inaijua kwa kichwa.

Na sisi tunaoandika Kiingereza cha kujifunzia darasani ndo tunaumia zaidi. Watu wa Stanford mwaka 2023 walichukua insha 91 za TOEFL, zimeandikwa na binadamu ambao Kiingereza si lugha yao, wakazipitisha kwenye vipimo saba. Kwa wastani insha 61 katika kila 100 ziliitwa za mashine. Insha 89 kati ya hizo 91 zilidakwa na angalau kipimo kimoja. Za watoto wa shule wa Kimarekani zikapita karibu zote. Maneno yetu ni machache, tunarudia yale tuliyo na uhakika nayo, basi tunabashirika. Halafu wakaiambia ChatGPT iongezee zile insha msamiati wa kizungu, makosa yakashuka mpaka kama 12 katika 100. Soma tena hapo mkuu. Aliyeandika mwenyewe anadakwa, akipitishia kwenye mashine anaonekana binadamu.

Hata OpenAI wenyewe waliotengeneza ChatGPT walitoa kipimo chao mwisho wa Januari 2023, na walikiri kinadaka 26 tu katika kila maandishi 100 ya mashine, na kinawasingizia binadamu 9 katika 100. Piga hesabu ya chuo chenye tasnifu 1,000, tuseme 900 za haki na 100 za mashine. Kitadaka 26 za kweli, na kitasingizia 81. Waliodakwa jumla 107, robo tatu hawana hatia! Julai mwaka huo huo wakakiondoa. Chuo cha Vanderbilt kule Marekani nao Agosti 2023 walizima kile cha Turnitin, wakasema kazi zinazopita kwao kwa mwaka ni 75,000, hata kikikosea 1% tu kama kampuni ilivyodai, ni kazi kama 750 za kusingiziwa.

Sisemi havidaki kitu. Mtu akimwaga kurasa tano kutoka ChatGPT bila kugusa mara nyingi vinadaka. Tatizo ni kwamba namba ya aliyemwaga na namba yako wewe zinafanana, na ukiwa umeshika namba tu huwezi kuzitenganisha. Mimi nilipima kurasa zile zile kwenye tovuti tatu nikapata 64, 31 na 3. Nikafuta aya moja ya shukrani ile 64 ikawa 40. Shukrani jamani!

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nimeilipia: USIANDIKE UPYA ILI NAMBA ISHUKE. Ukishaanza kukimbiza namba utavunja sentensi nzuri, utaweka makosa makusudi, utabadilisha istilahi, na ile namba haina mwisho kwa sababu supavaiza anaweza kupima kwenye tovuti nyingine kabisa. Unachohitaji ni kuonyesha kazi ilivyokua. Kama uliandika kwenye Google Docs fungua `File > Version history > See version history`, pale kuna kila siku uliyokaa, kila aya uliyofuta saa nane usiku. Kama ni Word na ulikuwa unahifadhi juu kwa juu kama mimi, kusanya kila faili ulilowahi kumtumia mtu kwa barua pepe, madodoso yaliyojazwa kwa mkono, faili la data, daftari la uwandani lenye tope. Mimi ndivyo nilivyotoka, yule mama aliniweka saa nzima ananiuliza sura ya nne jedwali kwa jedwali na daftari liko mezani, hakuuliza tena asilimia.

Na kuandika upya kwenyewe sio dhambi, rasimu ya kwanza ya kila mtu ni mbaya. Nilichofanya kwenye zile sura mbili, nafunga laptopu, namweleza mke kwa Kiswahili nimepata nini kijiji gani na kwa nini nadhani iko hivyo, akikunja uso najua hapo sijaeleweka, ndo nakaa naandika. Istilahi za fani sigusi hata moja, wasting inabaki wasting hata ikijirudia mara themanini. Kilichobadilika ni maelezo, yale ya "matokeo yanaonyesha umuhimu wa lishe" nikayatoa nikaweka kwamba vijiji viwili vyenye ukondefu mkubwa nilivifikia Februari ghala zikiwa tupu, kitu ambacho asiyefika hawezi kukiandika. Kama ulitumia programu kusahihisha sarufi sema hivyo kwa sentensi moja mwanzoni mwa tasnifu, ukificha ndo inakuwa kesi.

Supavaiza mpelekee faili lako lile lile Ijumaa, na umwambie mwenyewe kabla hajaona: nimepima, imesema 58, historia ya faili hii hapa, niko tayari uniulize ukurasa wowote.

Na kama bado moyo unakwenda kwa huyo jamaa wa elfu themanini, muombe akushushie aya moja tu bure, ile yenye istilahi nyingi za fani yako na majina ya watafiti. Isome kwa sauti mbele ya mtu.