Uwiano wa "1 hadi 1.5" uliwaangusha wanafunzi wangu 14, usiukariri

"Wakuu, nina pepa ya Fizikia wiki ijayo, Form Six, niko Dodoma. Desa langu linasema uwiano wa nyutroni kwa protoni ukiwa kati ya 1 na 1.5 kiini ni imara, ukizidi 1.5 kinatoa beta, ukishuka chini ya 1 kinatoa positroni. Nikariri hivyo?"

Usikariri! Huo ukurasa uchane leo hii, na kama kuna mwenzako kautoa kopi, mfuate naye auchane.

Hilo desa nalijua. Nililinunua steshenari moja pale Majengo mwaka ule nasubiri ajira, nikawa nafundisha tuisheni Nkuhungu kwenye banda la mabati, wanafunzi 14, ubao mmoja. Sentensi hiyo uliyoiandika niliinakili ubaoni neno kwa neno, nikaipigia mstari kwa chaki nyekundu, nikawaambia hii ni maksi ya bure. Ikaja mock. Swali likauliza: iodini 131 na iodini 125 huoza kwa njia gani, toa sababu. Wote 14 walipiga hesabu, wakapata 1.47 na 1.36, wakaandika kwamba viini vyote viwili ni imara na haviozi. Wote walipata sifuri kwenye swali hilo.

Binti mmoja alinijia jioni na pepa yake. Hakulalamika. Alifungua ule ukurasa, akaweka kidole kwenye msalaba mwekundu, akasema: "Ticha, mama mdogo alipelekwa Dar kutibiwa tezi ya shingo, wakampa iodini 131 anywe, wakamwambia asikae karibu na watoto siku kadhaa. Kama ni imara, walikuwa wanamkataza nini?" Sikuwa na jibu. Swali lenyewe lilikuwa linauliza jinsi kinavyooza, na mimi nilikuwa nimewafundisha kubishana na swali. Nilikaa na lile pepa mpaka giza likaingia, na hadi leo nikiona mtu anaandika "kati ya 1 na 1.5" moyo unanienda mbio.

Aliyeandika desa lile hakuwa amejaribu kanuni yake hata kwa kiini kimoja. Angejaribu kaboni 14 tu, ambayo kila mwanafunzi anaijua, angekuta protoni 6 na nyutroni 8, uwiano 1.33, katikati kabisa ya hiyo "salama" yake, na kaboni 14 inatoa beta. Dakika moja ya kalkuleta. Badala yake akachapa, akauza, na watu kama mimi tukasambaza.

Sasa sikiliza kosa liko wapi, maana namba zenyewe si za uongo. Uwiano wa 1 upo kweli, na 1.5 ipo kweli, lakini ni mwanzo na mwisho wa njia ndefu. Barabara ya Morogoro kuja Dodoma inaanzia kama mita 500 juu ya usawa wa bahari na kuishia huku kwetu kama mita 1,100. Je, kila aliyesimama kati ya mita 500 na 1,100 yuko barabarani? Kuna mtu yuko mita 900 kwenye mteremko wa Uluguru, yuko porini. Ili kujua kama yuko barabarani lazima uulize kwanza: pale alipo, barabara yenyewe inapita mita ngapi?

Njia ya viini imara, ile inayoitwa bonde la uthabiti, ni hivyohivyo. Kwa elementi nyepesi, sakafu ya bonde ni uwiano wa 1: kaboni 12 ina 6 kwa 6, kalsiamu 40 ina 20 kwa 20. Baada ya hapo sakafu inapanda. Chuma 56 ina protoni 26 na nyutroni 30, yaani 1.15. Ukifika iodini ni 1.40. Risasi 208, protoni 82 na nyutroni 126, ni 1.54. Inapanda kwa sababu kila protoni inasukumana na protoni zote nyingine ndani ya kiini, hata iliyo upande wa pili, wakati nguvu inayokishika kiini pamoja inafika kwa majirani wa karibu tu. Kiini kikinenepa, msukumano unaongezeka haraka kuliko mshiko, kwa hiyo zinahitajika nyutroni za ziada, ambazo zinashika na hazisukumi.

Kwa hiyo unapopewa kiini kinachooza, usikimbilie kugawanya. Kwanza nenda kwenye jedwali la elementi usome uzito wa atomu wa elementi hiyohiyo. Uzito huo ni wastani wa isotopu zinazopatikana duniani, kwa hiyo unakuonyesha sakafu ya bonde iko karibu na wapi. Kiini chako kikiwa kizito kuliko hapo, kina nyutroni nyingi kupita kiasi, kitatoa beta hasi. Kikiwa chepesi kuliko hapo, kimepungukiwa nyutroni, kitatoa positroni au kitanasa elektroni. Hiyo ndiyo kanuni yangu moja, na iliniuma kuipata.

Turudi kwenye iodini. Jedwali linasema 126.9. Isotopu imara ya iodini ni moja tu, 127, yenye protoni 53 na nyutroni 74. Hapo ndipo ile 1.40 ilipotoka.

Iodini 131 ina nyutroni 78. Imezidi nne. Uwiano wake 1.47 ni mdogo kuliko 1.5 lakini ni mkubwa kuliko 1.40, na 1.40 ndiyo inayohesabika hapa. Nyutroni moja inageuka protoni, elektroni inatoka, unapata zenoni 131: protoni 54, nyutroni 77, uwiano 1.43, na hiyo ni imara. Umeshuka bondeni kwa hatua moja. Elektroni hiyo inayotoka ndiyo iliyomtibu mama mdogo wa yule binti. Nayo husafiri milimita chache tu mwilini, kwa hiyo inachoma tezi kutoka ndani. Kinachowafikia watoto walio karibu ni miale ya gama inayofuatana nayo. Nusu ya iodini hiyo huisha kwa kuoza kila baada ya siku 8 hivi.

Iodini 125 iko upande wa pili. Nyutroni 72, imepungukiwa mbili, uwiano 1.36 uko chini ya 1.40. Protoni moja lazima igeuke nyutroni, unapata teluri 125: protoni 52, nyutroni 73, 1.40, imara. Desa lako lingesubiri uwiano ushuke chini ya 1 ndipo litaje positroni. Kwa elementi ya 53 utasubiri sana!

Na hapa usiandike positroni. Kutoa positroni kuna bei: tofauti ya nishati kati ya atomu ya mwanzo na atomu inayozaliwa lazima izidi MeV 1.022, ambayo ni tungamo la elektroni mbili likigeuzwa nishati. Iodini 125 ina MeV 0.19 hivi tu. Haina uwezo huo, kwa hiyo inameza elektroni moja ya gamba lake la ndani. Usipopewa nishati, elekea kwenye positroni kwa viini vyepesi kama kaboni 11, na kunasa elektroni kwa vizito, maana kwenye atomu nzito elektroni za ndani ziko karibu sana na kiini.

Kuna mahali kanuni yangu inakoma, nakuambia mapema usije ukanilaani nilivyomlaani yule wa desa. Haikuambii kama kiini ni imara au la. Bati ina isotopu imara 10, kuanzia 112 mpaka 124. Ukichukua uzito wake wa wastani, 118.7, ukasema bati 124 lazima itoe beta kwa kuwa imezidi, umekosea. Itumie ukishaambiwa kwamba kiini kinaoza na unaulizwa kinaelekea upande gani. Na ukikuta protoni ni witiri na nyutroni pia ni witiri, kuwa makini, kiini kinaweza kushuka pande zote mbili. Potasiamu 40, iliyomo hata kwenye zabibu tunazouziwa hapa mjini, ina protoni 19 na nyutroni 21: karibu asilimia 89 huenda kalsiamu 40 kwa beta hasi, zinazobaki huenda agoni 40 kwa kunasa elektroni.

Jingine ni vizito vilivyopita bismathi, protoni zaidi ya 83. Urani ile wanayoizungumzia Bahi ni mfano mzuri. Urani 238 ina uwiano 1.59. Desa linasema imezidi 1.5, beta. Sivyo. Jedwali linasema 238.03, kwa hiyo haijazidi wala haijapungua, iko palepale kwenye sakafu yake. Tatizo lake ni unene. Inatoa alfa, protoni mbili na nyutroni mbili kwa mpigo. Ukitoa mbili kwa mbili kwenye 92 na 146 unabaki na 90 na 144, na uwiano unapanda hadi 1.60. Hiyo ni thori 234. Sasa soma jedwali: thori ni 232.04. Imezidi, basi beta hasi, na ndivyo inavyofanya. Ndiyo maana msururu wa urani unachanganya alfa na beta: alfa inapunguza unene lakini inaacha nyutroni nyingi kiasi, beta inakuja kurekebisha. Mpaka kufika risasi 206 zinakuwa zimetoka alfa 8 na beta 6.

Leo usiku kabla hujalala chukua sodiamu 22 na sodiamu 24. Protoni 11 zote mbili, jedwali linasema 22.99. Uwiano wa ya kwanza ni 1.00 kamili, wa ya pili 1.18, yaani kwa desa lako zote ni imara. Andika hapa chini kila moja inatoa nini na inageuka elementi gani, nami nitapita kusahihisha.