Admini wa peji ya konfesheni hataki kufuta posti yenye jina langu

*Asalam aleykum kaka. Kuna peji ya konfesheni ya hapa Malindi huko Facebook, mtu asojulikana kaandika kuwa mimi naharibu ndoa ya watu, kataja jina langu lote na duka ninalouza mabuibui. Nikakomenti kuwa ni uongo ndo ikazidi kusambaa. Admini nimemwomba aifute, sasa anataka nimtumie kopi ya kitambulisho kwanza. Nitume?*

Waaleykum salaam dada. Usitume. Jina na duka tayari vimo kwenye posti, hahitaji namba yako ya kitambulisho ili afute, na mtu ambaye mwenyewe hujui ni nani hapewi karatasi kama hiyo. Akiendelea kung'ang'ania mwambie uko tayari kuthibitisha mbele ya ofisi inayohusika, basi.

Kabla hujamwandikia tena hifadhi ushahidi, maana ikishafutwa huna cha kuonyesha. Gusa vidoti vitatu juu ya posti, chagua `Copy link`, hiyo linki jitumie mwenyewe WhatsApp. Halafu piga skrinshoti za posti nzima, jina la peji lionekane, pamoja na komenti, hasa zile zilizoongeza namba yako ya simu au mtaa unaokaa, na uandike tarehe na saa ulizopiga. Ile komenti yako ifute, kila mtu akiijibu posti inapanda tena juu.

Sasa ujumbe wenyewe, utume inboksi ya peji, uwe mfupi na uandike ukijua anaweza kuuposti wote. Usibishane naye kama ni kweli au uongo, admini si kadhi, ukianza kujieleza atakwambia leta upande wako tuposti, na hapo umeshampa posti ya pili. Shikilia jina tu. Mimi ningeandika hivi:

"Salaam admini. Posti hii (weka linki) inataja jina langu kamili na mahali ninapofanya kazi bila ridhaa yangu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 40, naomba uifute yote pamoja na komenti zake, usiihariri wala kuificha. Kanuni za 2021 zinakupa siku 14 kujibu. Nimehifadhi nakala."

Hapo kwa "usiihariri" wengi huteleza. Admini anaondoa jina, anakwambia tayari, unashukuru, kumbe Facebook huweka historia ya mabadiliko, mtu akigusa vidoti vitatu akachagua `View edit history` analiona jina lako vilevile kwenye ile nakala ya mwanzo, na komenti zinazokutaja zimebaki pale pale. Ikifutwa yote, komenti zinaenda nayo na walioisheya wanabaki na kiboksi kitupu. Skrinshoti zilizokwisha ingia magrupu ya WhatsApp hizo hawezi kuzirudisha, hapo sitakudanganya.

Akisema kafuta, usihakikishe kwa simu yako peke yake. Kuna maadmini wanakubloku tu, wewe ukifungua linki unaambiwa haipatikani ukadhani imeondoka, na Malindi nzima bado inaisoma. Mpe nduguyo au jirani ambaye hajawahi kuwasiliana na hiyo peji aifungue ile linki kwa akaunti yake. Akiiona, umeblokiwa.

Akinyamaza usingoje hizo siku zote, ripoti Facebook siku hiyo hiyo kupitia `Report post`, upande wa unyanyasaji, na uripoti wewe mwenyewe kwa akaunti yenye jina lako. Watu hukimbilia kukusanya binamu na mashoga wote waripoti, lakini kwa mtu wa kawaida asiye maarufu, kuna maudhui ambayo Facebook huondoa pale tu mhusika mwenyewe aliporipoti, kwa hiyo ripoti yako moja yaweza kufanya kazi kuliko za wengine wote.

Zikipita siku 14 peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, unajaza fomu mtandaoni huna haja ya kupanda basi la Nairobi, na sheria inawapa siku 90 kumaliza. Ugumu ni kumpata admini asiye na jina, kwa hiyo kama kuna namba ya M-Pesa aliyowahi kuweka kwa ajili ya matangazo, ipige skrinshoti pia, hiyo imesajiliwa kwa mtu. Na siku akikwambia lipa kitu kidogo nifute, usilipe, hifadhi hayo mazungumzo uende nayo polisi, hiyo sasa ni jinai na imetoka kwenye mambo ya kuombana.

Ukitaka kumshtaki kwa kukuchafulia jina, muone wakili mapema, kesi hiyo haifunguliwi baada ya miezi 12.